Fedha Taslimu kwa Kadi ya Mkopo: Riba Inayoanza Siku ya Kwanza



Mwaka 2023 kaka yangu, ambaye anaishi na kufanya kazi Uingereza, alikuja nyumbani Ilomba kumuuguza mama yetu. Siku ya tatu tangu awasili, hospitali ilidai malipo ambayo hatukuyatarajia, na fedha alizokuja nazo zilikuwa zimekwishatumika kwa nauli na dawa. Alikuwa na kadi mbili mfukoni. Ya kwanza ilikuwa kadi ya kawaida ya benki, ambayo akaunti yake ilikuwa imebakiwa na kidogo kwa kuwa mshahara ulikuwa haujaingia. Ya pili ilikuwa kadi ya mkopo. Akapanda daladala hadi Mwanjelwa, akasimama mbele ya ATM, akachomeka ile ya pili na kutoa shilingi laki nne mara tatu, kwa sababu mashine haikumruhusu kutoa zaidi ya hapo kwa mara moja. Jumla ikawa milioni moja na laki mbili, ambayo kwa bei ya siku ile ilikuwa takriban paundi 400.

Jioni aliponieleza nilimuuliza kama hakuna riba ndani yake. Akanijibu kwa utulivu: "Ustadh, usiwe na wasiwasi. Kadi hii inanipa siku hamsini na sita bila riba. Mshahara ukiingia nalipa yote, na riba sitaigusa." Mimi nikanyamaza. Sikuwa na elimu ya kadi zile, na yeye ni mkubwa wangu. Naandika makala haya kwa sababu kunyamaza kule hakukuwa sahihi, na kwa sababu nimekutana na Waislamu wengi, hapa Mbeya na walioko ughaibuni, ambao wanaamini kama alivyoamini yeye.

Kwanza tuelewe zile siku 56 ni za nini. Mwenye kadi ya mkopo anaponunua bidhaa dukani, benki humlipa mwenye duka, kisha hukusanya manunuzi ya mwezi mzima katika taarifa moja ya akaunti. Baada ya taarifa kutoka, mteja hupewa takriban siku ishirini na tano za kulipa. Akinunua siku ya kwanza ya mwezi wa hesabu na kulipa deni lote siku ya mwisho ya kulipa, anaweza kukaa hadi siku 56 bila kutozwa riba. Hii ndiyo nafuu inayotangazwa. Lakini nafuu hiyo ni ya manunuzi peke yake. Fedha taslimu zina ukurasa wake katika mkataba, zina kiwango chake cha riba, ambacho mara nyingi ni kikubwa kuliko cha manunuzi, na hazina siku hata moja ya msamaha. Saa noti zinapotoka mashineni, saa ya riba nayo inaanza kwenda.

Na kabla ya riba kuna ada. Mkataba wa kaka yangu ulisema kwamba kila utoaji wa fedha taslimu utatozwa asilimia 3, na isipungue paundi 3. Kwa kuwa alitoa nje ya Uingereza kwa sarafu ya kigeni, iliongezwa asilimia 3 nyingine, kasoro kidogo sana. Basi katika paundi 400, paundi 12 zilikwenda kwa ada ya fedha taslimu na takriban 12 kwa ada ya sarafu. Hajaondoka Mwanjelwa, na deni lake tayari lilikuwa paundi 424. (Sihesabu hapa kile anachoweza kukata mwenye mashine kwa kadi za nje, wala hasara ya yule anayekubali swali la kwenye kioo la kuhesabiwa kwa sarafu ya kwao badala ya shilingi. Swali hilo hutolewa kwa lugha ya upole sana, na anayelikubali kwa kawaida hupewa bei mbaya zaidi.)

Riba ya fedha taslimu katika mkataba ule ilikuwa asilimia 29.9 kwa mwaka. Igawe kwa siku 365, kisha uizidishe na paundi 424, utapata takriban senti 35 za paundi kila siku. Ni kiasi kidogo, na ndiyo sababu hakimshtui mtu.

Taarifa ya akaunti ilitoka siku ya 18. Ilionyesha deni la paundi 430 na senti 25, yaani zile 424 pamoja na riba ya siku kumi na nane. Kaka alikuwa amekwisharejea kazini, na akaona kwamba tarehe ya mwisho ya kulipa bado iko mbali. Akangoja. Siku 24 baadaye, ndani ya muda aliopewa, alilipa zile paundi 430 na senti 25 zote, bila kubakisha hata senti. Mwezi uliofuata ikaja taarifa nyingine, ikidai takriban paundi 8 na nusu.

Alinipigia simu akiwa amekasirika, akidhani benki imemwibia. Haikuwa wizi kwa mujibu wa mkataba aliousaini. Taarifa ile ya kwanza ilihesabu riba hadi siku ilipotoka tu. Kuanzia siku ile hadi siku aliyolipa zilipita siku 24, na riba iliendelea kuhesabiwa kila siku, ila haikuweza kuandikwa katika karatasi iliyokwishatoka. Hii ni riba ya mkia. Humfuata mtu aliyedhani amemaliza, na wengi hawailipi kwa sababu hawafungui tena barua ya kadi wanayoamini haina deni, kisha huongezewa faini ya kuchelewa. Alama ya kuitambua ni rahisi: ukiona katika taarifa yako neno la fedha taslimu popote, basi kiasi kilichoandikwa chini kuwa ndilo deni lote si deni lote.

Tukijumlisha, kwa kutumia paundi 400 kwa siku 42, kaka yangu alilipa karibu paundi 39. Hiyo ni karibu asilimia 10 ya mkopo wenyewe kwa mwezi mmoja na siku chache, kutoka kwa mtu aliyesema kwamba riba hataigusa.

Sasa wako watakaosema kwamba alikuwa na dhiki, na mwenye dhiki hachagui. Neno hili nalipa uzito wake. Lakini hata kwa hesabu ya kidunia peke yake, kabla hatujafika kwenye sharia, ni vyema tuulize: je, katika milango iliyokuwa wazi mbele yake, huu ndio uliokuwa na gharama ndogo? Nimeipiga hesabu hiyo pamoja naye kwa simu, usiku mmoja baada ya Isha, na matokeo yake yalitushangaza sote wawili.

Tuweke kando ada ya sarafu ya kigeni, tuchukue mkopo wa paundi 400 peke yake, na tulinganishe njia tatu ambazo mtu wa Uingereza anazo. Njia ya kwanza ni kadi hii: ada ya paundi 12 papo hapo, na riba ya takriban senti 34 kwa siku. Njia ya pili ni ovadrafti, yaani kuruhusiwa na benki kuivuta akaunti ya kawaida chini ya sifuri. Tangu 2020 mabenki mengi makubwa ya kule yanatoza ovadrafti karibu asilimia 39.9 kwa mwaka, bila ada ya kuanzia. Njia ya tatu ni wale wakopeshaji wa kusubiri mshahara. Hao, tangu Januari 2015, wamewekewa mpaka na mamlaka ya usimamizi wa fedha ya Uingereza: wasizidishe asilimia 0.8 kwa siku, na gharama zote kwa pamoja zisizidi kiasi kilichokopwa.

Mtu akisoma viwango hivi ataona asilimia 29.9 ya kadi ni ndogo kuliko asilimia 39.9 ya ovadrafti, na atachagua kadi. Lakini tazama kinachotokea. Akirudisha fedha baada ya siku 7, kadi itakuwa imemgharimu paundi 14 na senti 36, na ovadrafti paundi 3 na senti 6 tu. Akirudisha baada ya siku 30, kadi ni paundi 22, ovadrafti ni 13. Mkopeshaji wa kusubiri mshahara, akitoza hadi mwisho wa mpaka wake, ni paundi 96, naye ndiye mbaya kuliko wote. Ile ovadrafti yenye kiwango kikubwa zaidi haizidi gharama ya kadi mpaka zipite takriban siku 120, yaani miezi minne.

Sababu ni ile ada ya mwanzo. Riba hupungua ukilipa mapema, lakini ada hairudi. Aliyekopa kwa siku saba na aliyekopa kwa miezi saba wote wametoa zile paundi 12. Kwa hiyo mtu mwaminifu, anayekopa kidogo na kulipa haraka, ndiye anayeumizwa zaidi kwa kila siku aliyoitumia fedha ile. Ukiichukua gharama ya zile siku saba na kuipeleka kwa hesabu ya mwaka, inazidi asilimia 180, na hali tangazo la kadi limeandika asilimia 29.9. Tangazo halikusema uongo, lakini limepima kwa kipimo cha mwaka kitu ambacho watu hukitumia kwa wiki.

Tena yule anayetoa kidogo kidogo hupigwa zaidi. Ada isiyopungua paundi 3 ina maana kwamba atakayetoa paundi 20 kwa ajili ya chakula atatozwa asilimia 15 kabla riba haijaanza. Na yule anayelipa kile kiwango cha chini tu ambacho benki inakubali kila mwezi, ambacho kwa kadi nyingi za kule ni riba ya mwezi huo pamoja na asilimia 1 ya deni, anaweza kukaa na deni hili la paundi 424 kwa zaidi ya miaka kumi.

Jambo jingine ambalo ndugu zetu wanaotutumia fedha inawapasa walijue: si lazima uguse noti ndipo ionekane umechukua fedha taslimu. Mikataba mingi ya kadi huhesabu pia kununua fedha za kigeni, kucheza kamari, na katika kadi kadhaa hata kumtumia mtu fedha kupitia kampuni za kutuma, kuwa ni sawa na kutoa taslimu. Mtu anakaa sebuleni kwake Leicester, anaingiza namba ya kadi ya mkopo ili mama yake apate fedha kwenye simu hapa Mbeya, na anatozwa ada na riba ya siku ya kwanza kana kwamba amesimama kwenye ATM. Lau angetumia kadi yake ya kawaida kwa kampuni ileile, angelipa gharama ya kutuma peke yake.

Msomaji wa Ilomba asidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo. Kadi za mkopo zipo hapa Tanzania pia, ingawa ni za wachache. Lakini lile umbo la mkopo, la ada inayotangulia isiyojali umekaa nao siku ngapi, tumelizoea kwenye simu zetu. Wakenya walianza kulijua kwa wingi mwezi Novemba 2012, ilipoanzishwa huduma ya M-Shwari. Mkopo wake ulikuwa wa siku 30, na ulitozwa asilimia 7.5, ambayo haikuitwa riba bali ada ya kuwezesha. Aliyelipa siku ya tano alitoa asilimia 7.5, na aliyelipa siku ya thelathini alitoa hiyohiyo. Huduma za namna hiyo zilifika kwetu muda mfupi baadaye, na leo kijana wa bodaboda anazibonyeza akiwa amesimama kwenye taa za barabarani.

Na chini kabisa kuna ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni mpaka wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mpaka huo, mkopo ulio sawa na paundi 400 ungetozwa 14 kwa mwezi, pungufu ya kadi ya kaka yangu. Lakini mama lishe hakopeshwi kwa mpaka huo. Ataambiwa alipe fomu, alipe bima, alipe ada ya kufuatilia, na mwisho wa yote kwa laki moja arejeshe laki na thelathini. Maneno ni tofauti na ya benki ya Uingereza, na mazingira ni tofauti, lakini ujanja ni mmoja: kinachokatazwa au kuwekewa mpaka kwa jina la riba kinapitishwa kwa jina la ada.

Hapa ndipo tunapofika kwenye shubha ambayo nimeisikia hata kwa watu wenye elimu. Wanasema: "Wanachuoni wameruhusu ada ya huduma. Basi tuache riba, tulipe ada tu." Kauli hii ina nusu ya ukweli, na nusu ile ndiyo inayopoteza.

Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha kumi na mbili kilichofanyika Riyadh mwezi Septemba 2000, ilitoa azimio namba 108 kuhusu kadi za mkopo zisizokuwa na akiba nyuma yake. Azimio lilieleza kwamba mwenye kadi anapotoa fedha taslimu, anachochukua ni mkopo kutoka kwa aliyeitoa kadi. Kwa kuwa ni mkopo, nyongeza yoyote inayofungamana na kiasi cha mkopo au muda wake ni riba. Kilichoruhusiwa ni ada iliyokatwa kwa kiwango kimoja, isiyobadilika kwa wingi wa fedha wala urefu wa siku, na isiyozidi gharama halisi ya huduma. Azimio hilohilo lilisema kwamba kuichukua kadi yenye sharti la riba hakufai hata kama mwenye kuichukua amenuia kulipa ndani ya siku za msamaha, kwa sababu amelikubali sharti lenyewe.

Nilipokuwa nasoma Khartoum, ustadhi wetu wa fiqhi ya miamala alikuwa na njia nyepesi ya kuipima ada. Alituambia tuulize: kazi imeongezeka? Mashine inayotoa paundi 100 na inayotoa paundi 400 imefanya kazi ileile, imetumia umeme uleule, na kumbukumbu yake imeandikwa mstari uleule mmoja. Kama ya kwanza imetozwa paundi 3 na ya pili 12, basi zile 9 zilizozidi si malipo ya kazi. Ni malipo ya fedha. Kwa kipimo hiki, asilimia 3 ya kadi haikuokolewa na jina lake, wala asilimia 7.5 ya simu. Lakini ile ada ya shilingi kadhaa anayotozwa mtu kwa kutoa fedha zake mwenyewe kwa kadi ya kawaida haimo katika suala hili, kwa kuwa pale hakuna mkopo.

Simlaumu kaka yangu zaidi ya ninavyojilaumu mimi na jamaa zetu. Siku ile alipokwenda Mwanjelwa tulikuwa wanaume wanne wa ukoo ndani ya nyumba ile. Mmoja alikuwa na mchele ghalani uliokuwa unangoja bei. Mwingine alikuwa amepokea kodi za vyumba juma lilelile. Hakuna aliyeambiwa, kwa sababu kaka aliona haya kuonekana ametoka Ulaya na kupungukiwa. Milioni moja na laki mbili ingepatikana kabla ya Magharibi kwa qardhi ya watu watatu, ikarejeshwa mwisho wa mwezi ikiwa ileile.

Kwa aliyekwishatoa na deni limo shingoni, asingoje taarifa ya akaunti. Alipe leo kile alichonacho, kwa sababu kila siku inahesabiwa. Akitaka kumaliza, aipigie benki aulize kiasi cha kufunga deni hadi siku ya malipo pamoja na riba ambayo haijaandikwa, kisha asiiweke kando barua ya mwezi unaofuata. Kwa wenye kadi yenye manunuzi na fedha taslimu kwa pamoja, Uingereza tangu mwaka 2011 malipo huanza kupunguza deni lenye riba kubwa zaidi. Nchi nyingine hazifanani katika hili, basi asome mkataba wake.

Kaka yangu alimaliza zile paundi 8 na nusu, akairudisha kadi. Mwaka jana alipokuja tena, usiku wa kwanza kabla hajafungua mabegi, alituita sote wanne sebuleni akasema: "Safari hii nimekuja na fedha hizi tu. Zikiisha nitawaambia." Ziliisha siku ya tisa, na akatuambia.